Diski na pete kwenye mhimili mmoja: kosa lililofichwa na jibu lililokubaliana

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha zoezi ambalo maabara nyingi za fizikia hulifanya mwaka wa kwanza wa chuo, yaani kukokotoa momenti ya inesha ya mwili wenye sehemu mbili na kisha kuipima kwa mzigo unaoanguka. Kikundi cha wanafunzi kilipewa diski ya alumini iliyolala mlalo juu ya mhimili wima unaozunguka katika beringi, pamoja na pete nzito ya chuma inayowekwa juu ya diski hiyo. Chini ya diski, kwenye mhimili uleule, kuna silinda ndogo inayozungushiwa uzi. Uzi unapita juu ya kapi jepesi lililofungwa ukingoni mwa meza na kushikilia mzigo unaoning'inia. Mzigo ukiachiwa, unashuka sentimeta 80 huku ukiuvuta uzi na kuizungusha diski, na muda wa kushuka hupimwa kwa kipima muda cha kielektroniki.

Kikundi kilipomaliza kazi kilikuwa na matokeo yaliyoonekana mazuri. Momenti ya inesha iliyopimwa kwa diski na pete pamoja ilitofautiana na ile iliyokokotolewa kwa asilimia 2 hivi, tofauti ambayo wasahihishaji wengi huipokea bila swali. Jambo lililozua mjadala ni dogo zaidi, lakini kwa maoni yangu ndilo lenye fizikia nyingi kuliko zoezi zima: kwa upande wa pete peke yake, kanuni ya makadirio ilikubaliana na kipimo vizuri kuliko kanuni kamili. Baadhi ya wanakikundi walitaka kuandika katika ripoti kwamba kanuni ya makadirio ndiyo iliyothibitishwa.

Tuanze na vipimo. Diski ina masi ya kilogramu 1.22 na nusukipenyo cha sentimeta 12.0. Pete ina masi ya kilogramu 1.18, nusukipenyo cha ndani cha sentimeta 7.0 na cha nje cha sentimeta 9.0. Silinda ya uzi ina nusukipenyo cha sentimeta 1.50 kwa kipimo cha kalipa ya vernia, na masi yake ni gramu 220 hivi.

Momenti ya inesha ya mwili wowote ni jumla ya masi ya kila chembe ikizidishwa kwa mraba wa umbali wa chembe hiyo kutoka kwenye mhimili. Kwa kuwa ni jumla tu, haijali chembe ipi ni ya alumini na ipi ni ya chuma, wala haijali mpaka kati ya sehemu moja na nyingine uko wapi. Ndiyo maana tunaruhusiwa kuukata mwili katika vipande vyenye maumbo tunayoyajua, kukokotoa kila kipande kivyake, kisha kujumlisha. Ruhusa hiyo ina sharti moja lisilo na msamaha: umbali wa kila chembe lazima uwe umepimwa kutoka kwenye mhimili uleule. Momenti ya diski kuhusu mhimili mmoja na momenti ya pete kuhusu mhimili mwingine haziwezi kujumlishwa, hata kama namba zote mbili ni sahihi na zina kizio kimoja.

Diski haina ugumu. Kwa mhimili unaopita katikati na kuwa wima kwa uso wake, momenti yake ni nusu ya masi mara mraba wa nusukipenyo:

I(diski) = ½ × 1.22 × 0.120² = 0.00878 kg m²

Pete inahitaji subira kidogo. Njia iliyo salama ni kuiona kama diski kubwa ya chuma iliyotobolewa diski ndogo katikati. Masi ya kila diski inafuata mraba wa nusukipenyo chake, kwa hiyo momenti ya kila moja inafuata nusukipenyo kikiwa kimepandishwa mara nne. Tukitoa ndogo katika kubwa, tunapata kitu kinacholingana na R⁴ − r⁴, hali masi ya pete iliyobaki inalingana na R² − r². Sasa, R⁴ − r⁴ ni sawa na (R² − r²) mara (R² + r²). Mabano ya kwanza yanamezwa na masi ya pete, na kinachobaki ni jumla, si tofauti:

I(pete) = ½ M (R² + r²) = ½ × 1.18 × (0.090² + 0.070²) = 0.00767 kg m²

Alama hiyo ya kujumlisha huwasumbua wengi, kwa sababu mtu anakumbuka kwamba shimo limetolewa na mkono unaandika alama ya kutoa wenyewe. Njia ya kujihakikishia ni kufikiria pete inayozidi kuwa nyembamba mpaka nusukipenyo cha ndani kikaribie kile cha nje. Alama ya kutoa ingefanya momenti ielekee sifuri ingawa masi yote bado iko mbali na mhimili, jambo lisilowezekana. Alama ya kujumlisha inatoa MR², kama inavyotakiwa. Kwa pete yetu, alama ya kutoa ingeleta 0.00189, chini ya robo ya thamani halisi.

Kuna pia njia ya makadirio, ambayo huichukulia masi yote ya pete kana kwamba iko kwenye nusukipenyo cha wastani, hapa sentimeta 8.0. Inatoa 1.18 × 0.080², yaani 0.00755. Si kosa kubwa, na mtu anaweza kujua mapema litakuwa kiasi gani, kwa kuwa ½(R² + r²) ni sawa kabisa na mraba wa nusukipenyo cha wastani ukiongezwa mraba wa nusu ya upana wa ukingo. Nusu ya upana hapa ni sentimeta 1, kwa hiyo kanuni kamili ina 64 + 1 mahali ambapo makadirio yana 64 peke yake. Upungufu ni sehemu moja katika 65, au asilimia 1.5.

Jumla ya diski na pete, pete ikiwa katikati, ni 0.01645 kg m². Silinda ya uzi inaongeza 0.000025 tu, kwa sababu chuma chake chote kiko karibu mno na mhimili; haifikii hata sehemu mbili katika elfu moja, ingawa masi yake ni karibu sehemu ya tano ya masi ya pete.

Sasa twende kwenye kipimo. Mzigo wenye masi m unashuka kwa mchapuko a, na kwa kuwa ulianza ukiwa umetulia, a = 2h/t², h ikiwa urefu wa kushuka na t muda wa kushuka. Uzi unaizungusha silinda yenye nusukipenyo s kwa mkazo wa m(g − a). Tukilinganisha momenti ya nguvu ya uzi na momenti ya inesha mara mchapuko wa mzunguko, tunapata kanuni iliyotumiwa na kikundi:

I = m s² (g/a − 1)

Thamani ya g, mchapuko wa mvutano wa dunia, iliyochukuliwa ni 9.78, inayofaa sehemu za karibu na ikweta zisizo juu sana ya usawa wa bahari. Kwa mzigo wa gramu 100, muda wa wastani ulikuwa sekunde 7.87 kwa diski peke yake na sekunde 10.82 kwa diski na pete. Kanuni ikatoa 0.00850 kwa diski na 0.01608 kwa vyote viwili, na tofauti yake, 0.00758, ikachukuliwa kuwa momenti ya pete. Hapo ndipo mjadala ulipoanzia: 0.00758 iko karibu na 0.00755 ya makadirio kuliko ilivyo karibu na 0.00767 ya kanuni kamili.

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa ni kwamba pete haikukaa katikati sawasawa. Ni maelezo yanayoingia akilini haraka, na yanastahili kukokotolewa kabla ya kukubaliwa. Kanuni ya mihimili sambamba, ambayo huitwa kwa jina la Jakob Steiner ingawa Christiaan Huygens alikwisha kuifahamu katika karne ya 17, inasema kwamba mwili ukisogezwa ili kitovu chake cha masi kiwe umbali d kutoka kwenye mhimili, momenti yake huongezeka kwa Md². Pete ikikosea katikati kwa milimita 4, kosa linaloonekana kwa macho, nyongeza ni 1.18 × 0.004², yaani 0.00002 hivi, ambayo ni robo ya asilimia moja ya momenti ya pete. Tena ni nyongeza. Pete iliyokaa vibaya haiwezi kamwe kuonyesha momenti iliyo ndogo kuliko ya katikati. Maelezo haya yanashindwa mara mbili, kwa ukubwa na kwa mwelekeo.

Dalili halisi ilikuwa katika diski, ambayo watu waliipita upesi. Kipimo chake kilikuwa pungufu ya hesabu kwa asilimia 3, hali umbo lake ni sahili na kanuni yake haina makadirio yoyote. Ikiwa diski tupu inapimwa vibaya, hakuna sababu ya kuiamini namba ya pete iliyopatikana kwa kutoa diski hiyo. Na jumla iliyoonekana nzuri inapaswa kuulizwa swali gumu zaidi: je, inabaki vilevile mzigo ukibadilishwa? Momenti ya inesha ni mali ya diski na pete. Haiwezi kujua ni gramu ngapi zimening'inizwa upande wa pili wa uzi.

Kikundi kikarudia kwa diski na pete pamoja. Kwa gramu 50 muda ulikuwa sekunde 15.62, kwa gramu 100 sekunde 10.82 kama awali, na kwa gramu 200 sekunde 7.58. Kanuni ileile ikatoa 0.0168, kisha 0.0161, kisha 0.0158. Namba zinashuka kwa mpangilio kadiri mzigo unavyoongezeka, na kushuka huko ni alama ya wazi ya msuguano. Beringi inapinga mzunguko kwa momenti ya nguvu ambayo haibadiliki sana. Kanuni ya kikundi haina mahali pa kuiweka, kwa hiyo uzito wote wa mzigo unahesabiwa kana kwamba unaichapusha diski, na ucheleweshaji unaosababishwa na beringi unaandikwa kwa jina la inesha. Mzigo mdogo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kwa msuguano, na mzigo mkubwa hupoteza sehemu ndogo.

Msuguano wenyewe hupimwa kwa urahisi. Unaning'iniza gramu chache, unaisukuma diski kidogo kwa kidole, na kutafuta masi ambayo mzigo ukishuka nayo hauongezi kasi wala haupunguzi. Kwa diski na pete ilikuwa gramu 4. Kwa diski peke yake, ambayo inailemea beringi kidogo zaidi ya nusu tu ya hapo awali, ilikuwa gramu 3. Masi hiyo inatolewa kwenye mzigo unaosukuma mwendo. Matokeo matatu yakizidishwa kwa 46/50, 96/100 na 196/200 kwa mfuatano, yote yanakuwa 0.0154. Sasa yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe, na kwa mtu aliyetarajia marekebisho yalete ukaribu na hesabu, yamekwenda kinyume: pengo kati ya 0.0154 na 0.01645 ni zaidi ya asilimia 6.

Hali hii, ambapo marekebisho sahihi yanalifanya jibu lionekane baya zaidi, ndiyo inayowafanya watu warudi nyuma na kuyafuta marekebisho. Naona ni hapa hasa ndipo panapohitaji ujasiri wa kuendelea. Msuguano ulikuwa ukipandisha kipimo kwa asilimia 4, na kitu kingine kilikuwa kikikishusha kwa asilimia 6, na kwa mzigo wa gramu 100 viwili hivyo vikawa vinafutana mpaka ikabaki tofauti ndogo inayopendeza. Kosa hilo la pili halibadiliki mzigo unapobadilika. Kwa hiyo halitoki katika nguvu, bali katika kitu kinachozidisha kila jibu kwa kiwango kilekile. Katika kanuni, kuna vitu vitatu vya namna hiyo: urefu wa kushuka, thamani ya g, na mraba wa nusukipenyo cha silinda. Urefu wa sentimeta 80 ungehitaji kukosewa kwa sentimeta 5, na g haikosewi kwa asilimia 6 popote duniani. Kinabaki nusukipenyo, ambacho kwa sababu ya mraba kinahitaji kosa la asilimia 3 tu, yaani nusu milimita katika milimita 15.

Nusu milimita hiyo ni uzi. Kalipa ilipima silinda ikiwa tupu, lakini mkazo haupiti kwenye uso wa chuma. Unapita katikati ya unene wa uzi uliolala juu yake. Uzi uliotumika ulikuwa na unene wa milimita 1, kwa hiyo mkono halisi wa nguvu ni sentimeta 1.55. Njia nzuri ya kuthibitisha ni kuhesabu mizunguko: mzigo unaposhuka sentimeta 80, silinda ya sentimeta 1.55 inazunguka mara 8.2, na ile ya sentimeta 1.50 ingezunguka mara 8.5. Alama ya chaki kwenye ukingo wa diski inatosha kuonyesha tofauti ya zaidi kidogo ya robo ya mzunguko. Hesabu hiyo ina faida nyingine, kwani inamwonyesha mtu pia kwamba mizunguko yote inaweza kulazwa bega kwa bega katika urefu wa sentimeta moja ya silinda. Uzi ukiachwa upande juu ya uzi, mkono wa nguvu hubadilika katikati ya safari, mchapuko hauwi tena wa kudumu, na a = 2h/t² hupoteza uhalali wake.

Kwa nusukipenyo cha sentimeta 1.55, na msuguano ukiwa umetolewa, diski na pete pamoja zinatoa 0.01648, na diski peke yake 0.00880. Zote mbili zina silinda ya uzi ndani yake. Ukiitoa ile 0.000025, zinabaki 0.01646 na 0.00877, dhidi ya hesabu za 0.01645 na 0.00878. Pete, ambayo silinda haimhusu kwa kuwa inajitoa yenyewe katika tofauti, ni 0.00768. Kanuni kamili ilisema 0.00767.

Hata hivyo sitasema kwamba kifaa hiki kimeamua kati ya kanuni kamili na makadirio, na sababu ni ya kihesabu. Muda unaingia katika kanuni kwa mraba, kwa hiyo kosa la asilimia 1 katika muda ni kosa la asilimia 2 katika momenti. Mtu anayetumia saa ya mkononi hukosea sehemu ya kumi ya sekunde kwa urahisi, na hilo katika sekunde 10.82 linaleta shaka ya 0.0003 katika jumla, na 0.0002 katika diski. Shaka hizo hazitolewi pale namba zinapotolewa. Zinaungana, na kuiacha pete na shaka ya asilimia 5 hivi. Ukitaka kuona tofauti ya asilimia 1.5 ndani ya shaka ya asilimia 5, unajidanganya. Kipima muda cha kielektroniki chenye shaka ya sekunde 0.02 kinaishusha mpaka karibu asilimia 1, ambayo bado ni ukingoni.

Jaribio lenye nguvu zaidi kwa pete hiihii ni kuisogeza kwa makusudi. Ikisukumwa sentimeta 3.0 kutoka katikati, ukingo wake wa nje unagusa ukingo wa diski, na momenti yake kuhusu mhimili, ambao haujahama, inapanda kwa 1.18 × 0.030², yaani 0.00106. Jumla inakuwa 0.01752, na hesabu inatabiri kwamba mzigo wa gramu 100 utashuka kwa sekunde 11.16 badala ya 10.82. Tofauti ya theluthi moja ya sekunde inaonekana bila ubishi, na yule aliyeendelea kutumia 0.00767 kwa pete iliyosogezwa, kwa imani kwamba pete ni ileile, anakosea kwa asilimia 6 katika jumla. Mhimili lazima uwe wima kabisa kwa jaribio hili. Pete iliyo pembeni imehamisha kitovu cha masi, na mhimili ukiinama hata kidogo, uzito wa pete utaisaidia diski nusu ya kila mzunguko na kuipinga nusu nyingine. Dalili yake ni diski inayoongeza kasi kwa mawimbi, na ambayo ikiachwa bila mzigo hujirudisha hadi pete iwe upande wa chini.

Na kama nia ni kupima kanuni ya pete yenyewe, basi pete ya kuchonga ni ile yenye ukingo mpana. Chukua nusukipenyo cha ndani cha sentimeta 3 na cha nje cha sentimeta 9: wastani ni 6, nusu ya upana ni 3, na kanuni kamili ina 36 + 9 mahali ambapo makadirio yana 36. Pengo la asilimia 20 haliwezi kufichwa na uzi, wala na beringi, wala na kidole kinachobonyeza saa.